Kikomo cha gharama ya kumpata mteja mpya: hesabu ya duka dogo katika mwaka wa kwanza

Mwenye duka anapolipia tangazo, anapotoa punguzo kwa anayeingia dukani mara ya kwanza, au anapomzawadia mteja wa zamani aliyemleta jirani yake, fedha anayoitoa ni bei ya mteja. Wengi huilipa bei hiyo bila kujua ukomo wake. Tangazo likileta watu huonekana limefaa, na lisipoleta watu huonekana halifai, ilhali inawezekana kabisa kulijaza duka watu na kupata hasara kwa kila mmoja wao.

Ukomo huo unaweza kukokotolewa kwa daftari na kalamu. Unahitaji kujua mambo mawili: kiasi kinachobaki mkononi baada ya kila mauzo, na idadi ya safari ambazo mteja mpya hurudi kununua ndani ya miezi kumi na miwili ya mwanzo. Ugumu hauko katika kujumlisha na kugawanya. Uko katika kuzipata namba mbili hizo jinsi zilivyo, si jinsi mwenye duka anavyozikumbuka.

Desturi yenyewe si ngeni. Wafanyabiashara wa Marekani waliouza bidhaa kwa njia ya posta walikuwa wakihesabu gharama ya kila mteja zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Waliweka alama tofauti katika kuponi za kila gazeti, ili barua ya mnunuzi ilipofika ijulikane ni tangazo gani lililomleta. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo aliyesifika sana katika zama hizo, aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1923. Duka dogo la leo linaweza kufanya vivyo hivyo kwa kumuuliza mteja swali moja anapolipa.

Mfano wa duka la Mwanza

Tuchukue mfano wa duka dogo la mafuta ya mwili, sabuni na manukato katikati ya jiji la Mwanza, upande wa Tanzania wa Ziwa Viktoria. Bidhaa zake hununuliwa kwa jumla Kariakoo, Dar es Salaam, na kusafirishwa kwa lori. Takwimu zinazofuata zimewekwa kwa ajili ya mfano, zikiwa katika shilingi za Tanzania, lakini mpangilio wake ni ule ule ambao mwenye duka wa Kigali au Bujumbura angeukuta akihesabu kwa faranga.

Mteja mpya katika duka hilo hununua bidhaa za wastani wa shilingi 20,000. Kati ya hizo, shilingi 11,000 zilikwisha kulipwa kwa muuzaji wa jumla na mwenye lori. Mfuko na kibandiko ni shilingi 500. Nauli ya bodaboda kwa wanaopelekewa nyumbani, makato ya malipo ya simu, na chupa zinazovunjika njiani, vyote vikigawanywa kwa kila mauzo, ni shilingi 1,500. Kinachobaki ni shilingi 7,000.

Kiasi hicho ndicho kinachoingia katika hesabu, wala si zile 20,000. Kosa la kuhesabu kwa bei ya kuuzia badala ya kinachobaki ni kubwa kuliko makosa mengine yote katika jambo hili, kwani humfanya mtu aamini kuwa anaweza kutumia mara tatu ya uwezo wake. Duka lililosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani linapaswa pia kuiondoa kodi hiyo kabla ya kuanza kutoa kitu kingine chochote. Mwenye duka huikusanya tu, si mali yake.

Mteja anaporudi hununua kidogo zaidi, kwa kuwa anafuata tu kile kilichomwishia. Wastani wake ni shilingi 15,000. Bidhaa zenyewe zimegharimu shilingi 8,250, mfuko na usafirishaji shilingi 1,750, na kinachobaki ni shilingi 5,000.

Kulifuata kundi la mwezi mmoja

Namba ya pili, ile ya kurudi, ndiyo inayowashinda wengi. Mwenye duka akiulizwa mteja wake hununua mara ngapi kwa mwaka, humkumbuka mama anayemwona kila mwezi na kujibu: mara kumi au zaidi. Anasema kweli kuhusu mama huyo. Lakini waliokuja mara moja wakapotea hawamo katika kumbukumbu yake, kwa sababu hakuna kinachomkumbusha sura zao. Nao ndio wengi, na kila mmoja wao aligharimu kumleta.

Njia ya kuliepuka kosa hilo ni kulishika kundi la watu wote walionunua kwa mara ya kwanza katika mwezi fulani, na kulifuata kundi hilo hilo kwa miezi kumi na miwili bila kumwondoa yeyote. Katika duka la mfano, msaidizi wa dukani aliandika wateja wapya 100 wa mwezi Februari. Kwa kila mmoja aliandika tarehe, kiasi alichonunua, namba ya simu kwa aliyeridhia, na jibu la swali moja: umelijuaje duka hili? Kila aliporudi, alama iliongezwa kwenye mstari wake.

Kuhusu namba za simu, nchi za eneo hili zina sheria zinazolinda taarifa za mtu binafsi: Kenya na Uganda tangu mwaka 2019, Rwanda tangu 2021, na Tanzania tangu 2022. Mteja aelezwe namba yake inaandikwa kwa ajili gani, na anayekataa asibughudhiwe. Asiyetoa namba anaweza kupewa kadi ndogo yenye tarikimu, akaionyesha akirudi.

Mwaka ulipokwisha, daftari lilionyesha kwamba watu 62 kati ya 100 hawakurudi kamwe. Waliorudi ni 38. Kati ya hao, 14 walirudi mara moja tu, 10 walirudi mara mbili, 8 walirudi mara nne, na 6 walirudi mara tisa. Ukijumlisha, safari za kurudi ni 120. Zikigawanywa kwa watu wote 100, wakiwemo wale 62 waliopotea, kila mteja mpya analeta wastani wa safari 1.2 za kurudi.

Sasa hesabu inakamilika. Ununuzi wa kwanza wa watu 100 uliacha shilingi 700,000. Safari 120 za kurudi, kila moja ikiacha 5,000, zilileta shilingi 600,000. Jumla ni shilingi 1,300,000, yaani shilingi 13,000 kwa kila mteja mpya katika mwaka wake wa kwanza. Yule aliyemfikiria mama wa kila mwezi angedhani mteja ana thamani ya shilingi 50,000 au 60,000, na angelipia matangazo kwa matumaini hayo.

Asilimia 38 ya waliorudi ni namba nzuri kuijua, lakini peke yake haitoshi. Maduka mawili yanaweza kuwa na asilimia hiyo hiyo, moja wateja wake wakirudi mara moja na lingine wakirudi mara tano. Kinachoingia katika hesabu ya fedha ni idadi ya safari. Jambo jingine la kuangalia katika daftari hili ni kwamba watu sita tu walifanya safari 54 kati ya 120. Wawili kati yao wangehamia Shinyanga katikati ya mwaka, duka lingeweza kupoteza safari nyingi kiasi kwamba ile 13,000 ishuke hadi karibu 12,500. Kundi la watu 100 linatoa makadirio, na makadirio yanayobebwa na watu sita yanastahili kutumiwa kwa tahadhari. Kuunganisha makundi ya miezi mitatu au minne hupunguza shaka hiyo.

Upo pia mtego wa majira. Siku za kuelekea Idi na Krismasi huleta watu wanaotafuta zawadi: manukato, udi, sabuni zilizofungwa vizuri. Hununua zaidi ya wastani siku hiyo na wengi hawaonekani tena mpaka sikukuu nyingine. Kundi la mwezi wa sikukuu lisitumike kukadiria miezi ya kawaida, wala la kawaida lisitumike kukadiria sikukuu.

Kutoka shilingi 13,000 hadi kikomo

Shilingi 13,000 si kikomo bado. Mwenye duka akizitoa zote kumpata mteja mmoja, mwisho wa mwaka atakuwa amerudisha fedha aliyoitoa na hakuna kilichobaki kwa pango, mshahara wa msaidizi, umeme na leseni, achilia mbali riziki yake mwenyewe. Kwa hiyo sehemu tu ya kiasi hicho ndiyo inayoweza kutumika.

Ni sehemu gani? Hapa hakuna kanuni inayofaa kila duka, na anayetaja asilimia moja kwa wote hajui hali ya pango la kila mmoja. Kipo hata hivyo kigezo cha maana. Duka ambalo mauzo ya wateja wake wa zamani yamekwisha kulipa pango na mshahara linaweza kutumia sehemu kubwa zaidi, kwa sababu mteja wa ziada haongezi pango. Duka ambalo bado linahangaika kulifikisha pango halina nafasi hiyo, na kila mteja mpya lazima achangie.

Duka la mfano lina gharama za kudumu za shilingi 900,000 kwa mwezi na hufanya mauzo kama 300 katika mwezi huo. Kila mauzo, basi, yanapaswa kuchangia shilingi 3,000. Mteja mpya hununua mara 2.2 kwa mwaka, ile ya kwanza na safari 1.2 za kurudi, kwa hiyo sehemu yake ya gharama hizo ni shilingi 6,600. Ukiitoa katika 13,000, zinabaki 6,400. Kwa kuwa tayari ni makadirio, mwenye duka aliamua kukata nusu kwa nusu: shilingi 6,500 ziwe kikomo cha kumpata mteja, na 6,500 zibaki kulibeba duka. Faida yake ya kweli itatokana na wateja ambao hawakumgharimu kitu, na na wale watakaoendelea kununua baada ya mwaka wa kwanza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hesabu ikome kwenye mwaka mmoja, ilhali mteja mwema hununua miaka mingi. Kampuni kubwa zenye akiba huweza kusubiri miaka mitatu. Duka dogo haliwezi, na kwa maoni ya wengi waliozoea hesabu hizi halipaswi kujaribu. Katika mwaka wa pili bei ya Kariakoo itakuwa imebadilika, nauli ya lori itakuwa imebadilika, na huenda duka jingine limefunguliwa hatua ishirini kutoka hapo. Mwaka mmoja unatosha kupitia sikukuu zote, msimu wa ada za shule na miezi ya ukata, na bado uko karibu kiasi cha kuweza kuuamini.

Fedha hutoka leo, hurudi polepole

Hata kikomo kinachokubalika kwa mwaka kinaweza kuliua duka ikiwa fedha haitarudi kwa wakati. Kikomo cha shilingi 6,500 kina uzuri wake: ununuzi wa kwanza huacha 7,000, kwa hiyo kilichotolewa hurudi siku ile ile. Hali inakuwa nyingine kabisa mwenye duka akiamua kutoa shilingi 10,000 kwa mteja, akijitetea kwamba bado ni chini ya 13,000.

Ununuzi wa kwanza utarudisha 7,000, na 3,000 zitasubiri safari za kurudi. Daftari lilionyesha kuwa kati ya safari 120, 36 zilifanyika katika miezi mitatu ya mwanzo, 30 katika mitatu iliyofuata, 28 katika mitatu mingine na 26 katika ile ya mwisho. Miezi mitatu ya mwanzo, basi, inarudisha shilingi 1,800 tu kwa kila mteja mpya. Zile 3,000 hazikamiliki mpaka mwezi wa sita.

Duka likipata wateja 50 kwa mwezi kwa bei hiyo, kila mwezi shilingi 150,000 huondoka zikisubiri. Baada ya miezi mitatu zimetoka 450,000, na zilizorudi ni takriban 180,000. Pengo la 270,000 ni fedha ambayo ingenunua mzigo. Rafu zikianza kuwa tupu, mteja anayerudi kufuata mafuta yake huyakosa na kwenda kwa jirani. Hapo ile namba ya kurudi iliyohalalisha matumizi inaporomoka kwa sababu ya matumizi yenyewe. Mwenye mtaji mdogo ana sababu nzuri ya kutopita kile kinachobaki katika ununuzi wa kwanza, hata kama hesabu ya mwaka inamruhusu zaidi.

Wateja hawafanani kwa njia walizojia

Wastani wa shilingi 13,000 unachanganya watu wa aina mbalimbali. Jibu la lile swali moja, umelijuaje duka hili, ndilo linalowatenganisha. Kati ya wateja 100 wa Februari, 40 walitokana na matangazo ya kulipia katika Facebook na Instagram yaliyoahidi punguzo la shilingi 2,000. Wengine 25 waliletwa na wateja wa zamani. Waliobaki, 35, walikuwa wapita njia walioona kibao.

Wale 40 wa matangazo walifanya safari 26 tu za kurudi. Ukihesabu ununuzi wao wa kwanza kwa bei kamili na kuliweka punguzo upande wa gharama, kila mmoja wao aliacha shilingi 10,250 kwa mwaka. Wale 25 walioletwa na wenzao walifanya safari 50, na kila mmoja aliacha shilingi 17,000. Wapita njia walifanya safari 44, na kila mmoja aliacha takriban shilingi 13,300. Tofauti hiyo haishangazi. Anayefuata punguzo mara nyingi alikuwa analifuata punguzo, na duka jingine likitangaza lake atakwenda huko. Anayeletwa na dada yake amekwisha kusikia ni mafuta gani yanayofaa na kwa nini.

Kwa kanuni ile ile ya nusu kwa nusu, kikomo cha mteja wa tangazo ni kama shilingi 5,100, na cha mteja anayeletwa na mwenzake ni 8,500. Februari hiyo duka lilitumia shilingi 160,000 kwa matangazo. Zikigawanywa kwa watu 40 ni shilingi 4,000 kila mmoja, na punguzo la 2,000 linafanya 6,000. Kikomo kimepitwa. Kwa upande wa pili, mteja wa zamani aliyemleta mwenzake alipewa sabuni iliyoligharimu duka shilingi 2,000, na mgeni wake naye akapewa punguzo la 2,000. Jumla ni 4,000, chini ya nusu ya kikomo. Zawadi hiyo inaweza kuongezwa bila hofu, na pengine ilipaswa kuongezwa zamani.

Mwenye duka hakuliona jambo hili mwanzoni kwa sababu alikuwa anagawanya gharama za matangazo kwa wateja wote wapya. Shilingi 160,000 pamoja na mapunguzo 40 ni shilingi 240,000. Kwa watu 100 ni 2,400 kila mmoja, na 2,400 inaonekana rahisi mno. Lakini wapita njia 35 wangeingia hata tangazo lisingekuwepo. Kuwahesabu kama matunda ya tangazo ni kulisifu kwa kazi ya kibao.

Mtego wa mwisho katika matangazo huonekana pale yanapoongezwa. Mwezi uliofuata matumizi yaliongezwa mara mbili, yakawa shilingi 320,000. Wateja wa tangazo hawakuongezeka mara mbili, walifika 60. Wastani wa gharama ya tangazo ukawa kama 5,300, kupanda kunakoonekana kuvumilika. Lakini swali sahihi ni zile 160,000 za nyongeza zilileta nini. Zilileta watu 20, yaani shilingi 8,000 kila mmoja, na kwa punguzo ni 10,000. Watu hao 20 waliligharimu duka karibu kila walichotarajiwa kuacha mwaka mzima. Wale wepesi kushawishika walikwisha kupatikana kwa fedha ya kwanza, na ya pili iliwatafuta wagumu. Kikomo hulinganishwa na gharama ya nyongeza ya mwisho, kwa kuwa wastani huificha nyuma ya wateja wa bei nafuu waliotangulia.

Namba inapobadilika

Kikomo kilichopatikana Februari hakidumu. Kinachokitikisa haraka zaidi ni bei ya kununulia. Tuseme bidhaa zilizokuwa shilingi 11,000 Kariakoo zimepanda hadi 12,500, na mwenye duka, kwa kuogopa kuwafukuza wateja, hakupandisha bei yake. Ununuzi wa kwanza sasa unaacha 5,500, na wa kurudi unaacha 3,875. Hata kama wateja wanarudi vile vile mara 1.2, jumla ya mwaka inashuka kutoka 13,000 hadi 10,150, na nusu yake ni kama 5,100. Bei ya bidhaa imepanda kwa asilimia 14 hivi, na kikomo kimeshuka kwa asilimia 22. Mwenye duka anayeendelea kulipa 6,500 kwa mteja kwa sababu ndivyo alivyozoea anakula sehemu ya pango bila kujua.

Duka ambalo halijatimiza mwaka lina tatizo la namna nyingine: halina kundi lililomaliza miezi kumi na miwili. Kishawishi ni kuchukua miezi mitatu na kuzidisha kwa nne. Katika duka la mfano hilo lingetoa safari 144 badala ya 120, kwa sababu wateja hupungua kadiri miezi inavyopita. Kuchukua miezi sita na kuzidisha kwa mbili kungetoa 132, kosa dogo zaidi lakini la upande ule ule. Lililo salama ni kuhesabu safari zilizokwisha kuonekana tu, na kukipandisha kikomo kadiri daftari linavyojaa. Vilevile mteja wa Novemba asiwekwe katika hesabu ya mwaka inayofanywa Januari. Hajapata muda wa kurudi, na atalifanya duka lionekane baya kuliko lilivyo.

Duka lenye mwaka mmoja kamili nyuma yake halihitaji kusubiri mwaka mwingine ili kujua kama mambo yamebadilika. Linayo tayari alama ya miezi mitatu: kundi la Februari lilifanya safari 36 katika muda huo. Kundi la Mei, nalo likiwa na watu 100, likionyesha safari 24, sababu itafutwe mara moja, iwe ni bidhaa iliyokosekana, msaidizi mpya, au tangazo lililovuta watu wasiohusika. Wakati sababu inatafutwa, makadirio ya mwaka yanashushwa kwa uwiano huo huo, kutoka safari 120 hadi 80. Mteja mpya sasa anatarajiwa kuacha shilingi 11,000, na kikomo kinakuwa 5,500 mpaka kundi la Agosti litakapokuwa limemaliza miezi yake mitatu.